Kilichoingia kwanza dukani si lazima kitoke kwanza

Juzi nilipita dukani kwa mdogo wangu mmoja, kijana niliyekaa naye kaunta miaka miwili kabla hajafungua duka lake. Nilimkuta ndiyo kwanza ameshushiwa mzigo, nikasimama mlangoni kumwangalia. Juisi za zamani akazisukuma ukutani, mpya akazipanga mbele, kwa kuwa mpya ndizo zilizokuwa mkononi na mbele ndiko kulikokuwa na nafasi. Nikamuuliza, "Dogo, hizo za ukutani zitatoka lini?" Akanijibu, "Zitatoka tu, kaka."

Hazitoki. Zinakaa palepale mpaka siku unayohama fremu. Na huyu ni kijana ninayempenda, niliyemfundisha kwa mdomo wangu. Basi nimeona niandike, kwa ajili yake na kwa wote mlioanza duka mwaka huu. Kupokea mzigo, kuhesabu na kufunga hesabu za jioni mnajua, sitawarudisha huko.

1. Cha zamani mbele, kipya nyuma. Mzigo ukifika, toa vyote vilivyopo kwenye shelfu, futa vumbi, panga vipya ukutani, kisha rudisha vya zamani mbele. Usipenyeze vipya kwa pembeni huku vya zamani viko palepale, maana baada ya wiki mbili hata wewe mwenyewe hutajua kipi ni kipi. Vinavyopangwa kwa kubebana, cha zamani kinakaa juu. Kwenye friji ni vivyo hivyo. Shelfu moja haizidi dakika kumi.

2. Sasa hapa naomba mtulie, kwa sababu hiyo namba moja niliishika kwa uaminifu kabisa na bado ikaniumiza.

Aliyenifundisha kazi alinipa kanuni hiyohiyo: kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza. Nikaishi nayo miaka. Tarehe 6 Aprili 2021 nilikwenda duka la jumla kuchukua mzigo wa kawaida, muuzaji akaniambia ana ofa ya uji wa watoto wa kopo. Bei ya siku zote ilikuwa shilingi 7,500 kwa kopo, yeye alikuwa anatoa kwa 6,000. Alitaka nichukue katoni mbili, nikachukua moja ya makopo 12. Nikapiga hesabu kichwani: nimeokoa 18,000. Sikuuliza kwa nini bei imeshuka, wala sikugeuza kopo.

Dukani nilikuwa na makopo 15 ya uji uleule. Nikafanya kama nilivyofundishwa, 15 ya zamani mbele na 12 mapya nyuma. Yale ya zamani yalikuwa yanaisha muda Novemba. Yale mapya yalikuwa yanaisha tarehe 20 Juni.

Kwangu uji ule ulikuwa unatoka makopo mawili kwa wiki. Kwa hiyo 15 ya mbele yalichukua wiki saba na nusu, yakaisha mwishoni mwa Mei. Ndipo mteja wa kwanza akaanza kugusa yale ya ofa, yakiwa yamebakiza wiki tatu. Ndani ya wiki hizo tatu yalitoka sita. Juni 20 ikapita, sita yako shelfuni, yamepangwa vizuri, yanang'aa, na mimi nayapita kila asubuhi na kitambaa cha vumbi.

Tarehe 29 jioni akaja mama mmoja mteja wangu wa muda mrefu, mtoto mgongoni. Hakupandisha sauti. Aliweka kopo kaunta, akaligeuza kitako juu, akaniambia, "Mangi, hebu nisomee hapa." Wino ulikuwa mweusi, mdogo, umeandikwa kwa vitone. Nikasoma kwa sauti mpaka nikafika kwenye mwezi, sauti ikakatika. Siku tisa zilikuwa zimepita. Alikuwa amelinunua jana yake, akapika asubuhi, mtoto akala vijiko vichache ndipo dada yake akaliona.

Mtoto hakudhurika, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Nikamrudishia hela yake, nikamwomba radhi, nikafunga kaunta mapema nikaanza kuhesabu. Shelfuni yalibaki manne. Manne na la yule mama ni matano. La sita lilikuwa limeuzwa kati ya tarehe 21 na siku ile, na sikumbuki nilimuuzia nani. Niliuliza majirani, niliuliza kila mteja mwenye mtoto mdogo. Hakujitokeza mtu. Hilo kopo la sita ndilo linaloniamsha usiku, si hela. Kwa upande wa hela, nilitupa makopo matano ya 6,000, yaani 30,000, kwa ajili ya ofa iliyoniokolea 18,000. Yule mama aliendelea kunisalimia njiani, lakini hakutuma tena mtoto dukani kwangu.

Sasa geuzeni hesabu. Laiti ningeweka yale 12 mbele siku ileile ya Aprili, kwa mwendo wa mawili kwa wiki yangeisha katikati ya Mei, mwezi mzima kabla ya tarehe yake. Kisha yale 15 yangefuata na kumalizika mapema Julai, Novemba ikiwa mbali. Duka lilelile, wateja walewale, makopo yaleyale 27, na lisingeharibika hata moja. Kilichohitajika ni kubadilisha nani anasimama mbele.

Kwa hiyo foleni ya shelfu haipangwi kwa siku ya kufika. Inapangwa kwa tarehe ya kuisha muda: kinachoisha mapema ndicho kitoke mapema, hata kama kimefika leo asubuhi. Mara nyingi kanuni mbili hizi zinakubaliana, na ndiyo sababu ile ya zamani inatudanganya miaka mingi. Zinagombana siku ya ofa, na siku muuzaji wa jumla anapokuuzia kilichokaa stoo kwake.

Na kabla ya kulipa, piga hesabu hii ndogo. Chukua idadi unayotaka kununua, ongeza zile za dukani zitakazosimama mbele yake kwenye foleni, gawanya kwa mauzo ya wiki. Kisha ongeza wiki nne, kwa sababu mteja naye anahitaji muda wa kutumia. Uji wa kopo haumalizwi siku moja. Jibu lisizidi wiki zilizobaki mpaka tarehe ya kuisha. Katoni yangu moja ilikuwa wiki sita, na nne ni kumi. Tarehe ilikuwa imebakiza wiki kumi na kidogo. Ilikuwa inanunulika, mradi isimame mbele. Katoni mbili zingekuwa wiki kumi na mbili hata kabla ya kuongeza zile nne. Hapo unasema asante, unaondoka.

3. Kusoma tarehe kwenyewe ni kazi. MFG ni siku ya kutengenezwa, EXP ni ya kuisha. Nimeona vijana wakisoma ya kwanza na kurudi wakifurahi. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, ihesabu mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Bidhaa za kutoka nje nyingine hutanguliza mwezi, kwa hiyo 05/04 inaweza kuwa Mei 4 au Aprili 5. Tafuta tarehe nyingine kwenye pakiti hiyohiyo yenye namba inayozidi 12, itakuonyesha siku imekaa wapi. Ukikosa, shika ile ya mapema. Katoni usiiamini kwa nje. Fungua, soma ya juu, ya katikati na ya chini, maana katoni iliyofunguliwa hujaziwa chochote kilichopo.

Kwenye losheni na shampuu mtakuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa kifuniko, ndani yake 12M au 24M. Hiyo ni miezi ya kutumia baada ya mteja kufungua. Kijana wangu mmoja aliihesabu tangu siku tuliyonunua, akataka kunitupia dazeni nzima ya losheni nzuri. Nilimkumbatia kwa kujali, kisha nikamweka chini tukasoma pamoja. Na tarehe iliyofutika usiisugue wala usiikisie. Kisichosomeka kihesabu kimeisha muda.

4. Vya kuuza kimojakimoja. Pampasi, pedi, biskuti za paketi ndogo, majani ya chai ya vipakiti: mara nyingi tarehe iko kwenye mfuko mkubwa au boksi, na sisi tukishafungua ndicho kitu cha kwanza kutupa. Kata kile kipande chenye tarehe, kibandike kwenye ndoo au kopo unalouzia, kikae hapo mpaka kipande cha mwisho kiuzwe. Usichanganye pakiti mbili kwenye ndoo moja. Na sabuni zikae mbali na unga na biskuti, harufu inahama.

5. Daftari la tarehe. Baada ya kopo la sita nilinunua daftari la kawaida, nikaupa kila mwezi ukurasa wake. Mzigo ukiingia siuandiki kwenye ukurasa wa mwezi uliofika, nauandika kwenye mwezi utakaoisha muda: "Uji kopo 12, tarehe 20, shelfu ya kushoto juu." Kila tarehe mosi nafungua ukurasa wa mwezi huo na miwili inayofuata, nakwenda shelfuni na daftari mkononi. Cha miezi miwili kinakuja mbele. Cha mwezi mmoja kinashuka bei, na mteja namwambia tarehe kwa mdomo kabla hajatoa hela. Kilichopita kinaingia kwenye boksi lililofungwa gundi na kuandikwa HAIUZWI kwa makapeni, kinakaa nyuma kabisa, si chini ya kaunta, kwa sababu chini ya kaunta ndiko kijana mgeni huchomoa akikosa kitu shelfuni. Tangu 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya TBS. Wakaguzi wakikuta kilichoisha muda kimechanganyika na vya kuuza, maelezo yako ya kusahau hayatasaidia.

Na ile juzi kwa mdogo wangu sikuondoka. Niliweka mkoba chini, tukashusha shelfu yote ya juisi sakafuni juu ya kadibodi. Za ukutani zilikuwa 19. Nne zilikuwa zimepita wiki moja, nyingine 15 zimebakiza mwezi na nusu. Anauza sita kwa wiki, kwa hiyo wiki mbili na nusu zinamtosha, akizileta mbele. Tukazileta. Zile nne akaziweka kwenye boksi, nikampa makapeni aandike mwenyewe. Jumamosi napita tena, tutashusha shelfu ya maziwa.