Kujitambulisha kwa pumzi moja

"Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Kwenye hafla za kibiashara nikiulizwa nafanya nini, naeleza mpaka mtu anaanza kuangalia simu. Nisemeje kwa kifupi?"

Ndugu, anza na unayemsaidia, cheo kifuate baadaye ukiulizwa. Ukitaja uhasibu kwanza, mtu tayari ana picha yake kichwani na hana la kuuliza. Jaribu hivi:

"Nawasaidia wenye maduka madogo wajue kila mwezi kama wamepata faida au hasara, kwa kuwapangia hesabu zao kila wiki."

Wengi huharibu pale kwenye "nani", yaani unayemsaidia. Wanasema "wafanyabiashara" wakiogopa kupoteza wateja wengine, ila neno pana hivyo halimkumbushi msikilizaji mtu yeyote. "Wenye maduka madogo" linamkumbusha shemeji yake. Kwenye "vipi", yaani namna unavyomsaidia, taja kitendo kimoja kinachoonekana. "Huduma bora za kitaalamu" (mimi mwenyewe nimeitumia miaka!) haionyeshi chochote.

Isome kwa sauti ukiwa umesimama, kwa mwendo wako wa kawaida. Ukilazimika kuvuta pumzi kabla ya kufika "kwa kuwapangia", punguza maneno. Halafu sikiliza jibu. "Aa, sawa" maana yake haijaingia. "Kivipi?" au "kuna mtu wangu ana duka" maana yake imeingia, na hapo ndipo useme wewe ni mhasibu.

Ukiwa kati ya wahasibu wenzako, taja cheo moja kwa moja. Wao wanajua kazi yenyewe, watataka tu kujua unahudumia nani.