Mzunguko wa tatu hauanzi ukiwa na miaka 45, shusha kalamu kwanza

Swali: "Wakuu, nimezaliwa 23 Aprili 1981. Mtaalamu wa namba kanipigia hesabu, anasema mzunguko wangu wa tatu wa maisha, ule wa mavuno, unaanza mwaka huu 2026 nikitimiza 45. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Je, amepatia?"

Hajapatia. Hiyo barua irudishe kwenye droo.

Nimesoma swali lako chai ikanipalia, maana hesabu uliyopigiwa ndiyo niliyopigiwa mimi mwaka 2008, na barua yangu ya kuacha kazi niliipeleka. Sikuwa na jukwaa la kuuliza, au tuseme nilikuwa nalo ila nilijiona nimeshaelimika.

Elimu ya namba inagawa maisha katika mizunguko mitatu, kila mmoja na namba yake inayotoka kwenye tarehe ya kuzaliwa, tarakimu zikijumlishwa hadi ibaki moja. Mimi nimezaliwa 6 Disemba 1970. Mwezi wa 12 ni 1+2, inakuwa 3. Siku ni 6. Mwaka 1970 ni 1+9+7+0, inakuwa 17, kisha 8. Kwa hiyo mzunguko wangu wa kwanza, unaotoka kwenye mwezi, ni wa 3. Wa pili unatoka kwenye siku, ni wa 6. Wa tatu unatoka kwenye mwaka, ni wa 8. Hapo hakuna ubishi, hata yule aliyenipoteza hapo alipatia. Jumla ya zote tatu ni 17, nayo inakuwa 8, ndiyo namba yangu ya njia ya maisha.

Balaa lilianzia kwenye miaka. Mwalimu wangu (namwita mwalimu kwa sababu ada alipokea) akaniambia: chukua 36, toa namba ya njia ya maisha. 36 kutoa 8 ni 28. Mzunguko wa kwanza unaishia 28, wa pili unaanza 29 na kwenda miaka 9 hadi 37, wa tatu unaanza 38. Akaniandikia kijedwali kizuri, kimepigwa rula. Kilikuwa na mistari minne. Nikamuuliza, mbona mizunguko ni mitatu na mistari ni minne? Akanijibu bila kupepesa macho kwamba wa nne ni ziada, ya wale watakaojaliwa umri mrefu. Nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyefunuliwa siri. Mpaka leo nikikumbuka ile ziada nacheka peke yangu, watu wanadhani nina ujumbe kwenye simu.

Alichonipa hakikuwa mizunguko. Kilikuwa ni vilele. Vilele ni hesabu nyingine ya elimu hiyo hiyo ya namba: viko vinne, cha kwanza kinaisha kwenye umri wa 36 kutoa njia ya maisha, vile viwili vya katikati ni vya miaka 9 kila kimoja, na cha mwisho kinakwenda hadi kaburini. Mizunguko iko mitatu na ni mirefu, kila mmoja unakaribia theluthi ya maisha marefu. Ukiona mtu anakupa mzunguko wa miaka 9, kakupa kilele kwa jina la mzunguko.

Sasa uliza kwa nini niliamini. Kwa sababu niliupima ule mpaka wa kwanza ukakubali! Nilipofikisha 29, mwaka 1999, maisha yangu yaligeuka kweli: mtoto wa kwanza, baba akaanza kuugua, nyumba nzima ikaniangalia mimi. Namba 6 ni ya familia na kubeba wengine, ikaniingia kama glavu. Nikasema huyu mwalimu ni bingwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa watu wenye njia ya maisha ya 5, 6, 7, 8 au 9, kilele cha kwanza na mzunguko wa kwanza huisha mwaka mmoja. Kanuni isiyo ya mizunguko inakupa jibu sahihi mara moja, unaiamini, halafu mara ya pili inakuangusha. Mimi ilinikosesha kwa miaka 18, si miwili mitatu.

Basi 2008 nikatimiza 38. Kwenye kijedwali: mzunguko wa tatu, namba 8, mavuno, fedha na madaraka. Mwalimu akasema 8 hailipi waoga. Nikaacha kazi ya stoo niliyokaa miaka 11, nikachota akiba yote, nikaongeza mkopo, nikanunua lori la mtumba. Lile lori lilikuwa na tabia za mama mkwe: likisimama, linasimama mbele za watu. Mwaka 2010 niliuza injini peke yake, bodi ikabaki kwa fundi kwa sababu gharama ya kuivuta ilizidi thamani yake. Deni nimemaliza kulipa 2015.

Lakini lori si kosa kubwa. Kosa kubwa ni maneno niliyowaambia ndugu zangu mwaka ule ule. Mama alikuwa amedhoofika, tukaitana kupanga nani akae naye. Nikasema, mbele yake, kwamba zamu yangu ya kulea imekwisha, mzunguko wa 6 nimeutoka. Nilitoa na kijedwali. Dada yangu mdogo hakunijibu kitu, akamchukua mama, akakaa naye miaka minne hadi alipofariki. Kwa hesabu sahihi mzunguko wangu wa 6 ulikuwa bado una miaka 18 mbele. Nilikuwa katikati kabisa ya namba ya kubeba familia, nami nimejitangaza nimestaafu. Dada ameshanisamehe, anasema. Kijedwali ndicho anachonikumbusha kila sikukuu.

Niligundua 2013, tena kwa bahati. Nilikuwa nampigia hesabu jamaa mwenye njia ya maisha ya 2. Kwa kanuni yangu mzunguko wake wa pili ulianza 35. Yeye ana kijitabu kingine kinasema 26. Tukabishana jioni nzima, mpaka akafungua ukurasa wa vilele. Nikaona 36 yangu imekaa pale pale, na mistari yake minne. Nilinyamaza mpaka nilipofika nyumbani.

Kanuni ni hii, nayo ndiyo pekee niliyobaki nayo: mpaka wa mzunguko ni mwaka binafsi wa 1 ulio karibu zaidi na mwaka unaotimiza umri wa 28, kisha ule ulio karibu zaidi na unaotimiza 56. Hakuna 36. Mwaka binafsi unaupata kwa kujumlisha mwezi wako, siku yako na mwaka wa kalenda unaouliza, unapunguza hadi tarakimu moja. Inazunguka 1 hadi 9 na kurudi, na mzunguko mpya husubiri 1 ndipo uanze.

Twende kwako. Mwezi 4, siku 23 ni 5, mwaka 1981 ni 19, kisha 10, kisha 1. Mizunguko yako ni 4, 5, 1. Njia ya maisha 4+5+1 ni 10, yaani 1. Umri wa 28 uliutimiza 2009. Jaribu 2008: tarakimu zake zinajumlika 10, yaani 1, ukiongeza 4 na 5 unapata 10, tena 1. Huo ndio mwaka binafsi wa 1, na uko jirani kabisa na 2009. Kwa hiyo mzunguko wa pili ulianza 2008, ukiwa na 27. Umri wa 56 utautimiza 2037. Miaka binafsi ya 1 iliyo karibu ni 2035 na 2044, na 2035 iko karibu zaidi. Mzunguko wako wa tatu unaanza 2035, ukiwa na 54. Mtaalamu wako alifanya 36 kutoa 1, akapata 35, akaanzisha wa pili kwa 36, akaongeza 9, akafika 45. Kakuchelewesha miaka 9 kwenye wa pili na kukuwahisha 9 kwenye wa tatu. Ukipiga wastani kapatia, heshima yake.

Na usidhani 2026 haina kitu kwako. Ina mwaka binafsi wa 1, na ina kilele kipya, cha tatu. Kilele hicho unakipata hivi: mwezi na siku, 4+5 ni 9, siku na mwaka, 5+1 ni 6, hivyo viwili pamoja ni 15, yaani 6. Sita, mkuu. Nyumba, wazazi, watoto, ada. Aliyekusomea mavuno ya 1, namba ya kusimama peke yako, kakusomea karibu kinyume chake. Ile hamu ya kuondoka unayoisikia ni ya mzunguko wa 5 ulio nao tangu 2008, na 5 siku zote inawasha miguu. Itakuwasha hadi mwisho wa 2034.

Kuna wanaokata moja kwa moja kwenye siku ya kutimiza miaka 28 na miaka 56 bila kutafuta mwaka binafsi, na kuna wanaouhesabu mwaka binafsi kuanzia siku ya kuzaliwa badala ya Januari. Tofauti hapo ni miaka michache. Wenye njia ya maisha ya 3 na 4 ndio wanaoteseka kidogo, maana miaka yao ya 1 inaangukia pande mbili kwa umbali unaokaribiana, vijedwali havikubaliani, na siwezi kuwaamulia. Ila hakuna njia yoyote kati ya hizi inayouanzisha mzunguko wa tatu kabla ya 50. Ukiletewa chini ya hapo, hesabu mistari. Ikiwa minne, umepewa vilele.

Na usinielewe vibaya, sayansi haijathibitisha lolote katika haya, mimi nayatumia kama kalenda ya kujikagua. Hata hesabu ingekuwa sahihi, kununua lori bila kulipeleka kwa fundi kwanza ni ujinga wa kwangu, si wa namba 8. Wangu wa tatu umeingia mwaka huu huu, 2026, nikielekea 56. Sijanunua chochote. Dada ananiangalia.

Nijibu moja tu: hiyo barua umeiandika, au umeshaikabidhi?