Bei ya siku ya mshauri elekezi na akiba ya kuanzia

"Mimi ni mhasibu Dar es Salaam, mshahara 2,400,000. Nikijitegemea nitoze kiasi gani kwa siku, na niwe na akiba ya miezi mingapi?"

Ndugu, usigawanye mshahara kwa siku 22, kwa maana utapata takriban 109,000 na bei hiyo itakuumiza. Ongeza kwanza mchango wa NSSF anaokulipia mwajiri, bima ya afya, kompyuta na intaneti. Tuseme jumla inafika 3,000,000 kwa mwezi, yaani 36,000,000 kwa mwaka. Kisha ondoa wikendi, likizo, sikukuu na siku za kutafuta kazi na kudai malipo, ambazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukibakiwa na siku 120 za kulipwa, bei yako ni 300,000 kwa siku.

Mteja wa kwanza mara nyingi ni mwajiri unayemwacha au mtu aliyekwishaona kazi yako, ila soma mkataba wako kabla hujawagusa wateja wake.

Kuhusu akiba, hesabu mzunguko wa fedha: mwezi wa kupata kazi, mwezi wa kuifanya, na miezi miwili au mitatu ya kusubiri ankara ilipwe, tena ikiwa imekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo lazima uidai hati yake. Kwa hiyo matumizi ya miezi sita ndiyo kiwango cha chini ninachokishauri, na malipo ya awali ya asilimia 30 yaandikwe kwenye mkataba.