Superman namba 1 ziko sita: namna ya kuingia kwenye malimwengu ya DC

Ukitafuta toleo la kwanza la katuni za Superman, shujaa wa kampuni ya Marekani iitwayo DC, utakuta yako sita. Kuna namba 1 ya mwaka 1939, ya 1987, ya 2011, ya 2016, ya 2018 na ya 2023. Zote zina jina lile lile juu ya jalada, na hakuna hata moja iliyo bandia. Mgeni hununua iliyo karibu, akafungua, akamkuta Superman ana mke na mtoto wa kiume, halafu anaanza kujiuliza amerukwa na matoleo mangapi. Huenda hajarukwa na lolote, ila ameshika toleo bila kujua ni la zama zipi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nianze na namba ngapi", uliza "nianze na mwaka gani". Namba peke yake haikuambii kitu.

Ili uelewe kwa nini mambo yako hivyo, anza na Flash, shujaa mwenye kasi ya ajabu, maana yeye ndiye aliyefungua mlango. DC walikuwa na Flash tangu 1940, aitwaye Jay Garrick, yule mwenye kofia ya bati yenye mabawa. Baada ya vita kuu ya pili wasomaji wa mashujaa walipungua na Jay akawekwa kando. Mwaka 1956 wakaunda Flash mpya kabisa, Barry Allen, na ndani ya hadithi yake ya kwanza Barry anaonekana akisoma katuni za zamani za Jay. Yaani kwa Barry, Jay ni mtu wa kwenye karatasi tu.

Halafu ikaja The Flash namba 123 ya mwaka 1961, iliyoandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Carmine Infantino. Barry anawafanyia watoto kiini macho cha kamba. Anautikisa mwili wake kwa kasi kubwa mno, ghafla anatoweka ukumbini, na anajikuta karibu na mji anaoujua kwenye katuni tu. Anatafuta jina la Jay Garrick, anaenda kubisha hodi, na anayefungua mlango ni Jay mwenyewe, sasa mtu mzima mwenye mke. Maelezo anayotoa Barry ndiyo msingi wa kila kitu kilichofuata: kuna dunia mbili mahali pamoja, ila kila moja inatikisika kwa mwendo wake, ndiyo maana hazigongani. Dunia ya Barry ikaja kuitwa Dunia-1, ya Jay ikawa Dunia-2. Hapo swali gumu likapata jibu jepesi: mashujaa wa miaka ya 1940 waliishi Dunia-2 na kuzeeka huko, na wa sasa wako Dunia-1.

Jibu lilikuwa zuri mno hata likatumika kupita kiasi. Kila hadithi isiyolingana na nyingine ilitupwa kwenye dunia yake, na kila kampuni ndogo ambayo DC iliinunua ilipewa dunia yake pia. Kufikia miaka ya 1980 wahariri waliona kwamba msomaji mpya anahitaji ramani kabla hajafika ukurasa wa pili. Mwaka 1985 wakatoa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya Marv Wolfman na George Pérez, ambamo dunia moja baada ya nyingine zinafutwa hadi ikabaki moja. Supergirl anakufa katika toleo la 7, Barry Allen katika la 8.

Watu wengi watakushauri uanzie hapo. Usianzie hapo. Ile ni hadithi ya mazishi, na uzito wake unatokana na kuwajua marehemu. Ukiingia bila kuwajua utaona umati wa watu wenye mavazi ya rangi wakilia kurasa 300 na zaidi, na utaweka kitabu chini ukidhani tatizo ni wewe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni hulielewa vibaya kuliko yote. DC wanaposema wameanza upya, hawajafuta kila kitu siku moja. Kila mhusika huanza upya kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Baada ya 1985 Superman alisukwa upya tangu utotoni katika The Man of Steel ya John Byrne, matoleo 6 ya mwaka 1986. Batman yeye aliandikiwa upya mwanzo wake tu, katika matoleo ya 404 hadi 407 ya Batman mwaka 1987, na mfululizo ukaendelea na namba zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wonder Woman alianza namba 1 mwaka 1987, na hadithi ikasema ndiyo kwanza anafika kwetu kutoka kisiwani kwake.

Hapo ndipo ufa ulipotokea, na inafaa kuutazama kwa karibu kwa sababu nyufa nyingine zote zinafanana nao. Donna Troy, Wonder Girl, alikuwa ameshakaa miaka mingi kwenye kundi la Titans. Asili yake ilikuwa kwamba Wonder Woman ndiye aliyemwokoa akiwa mtoto. Kama Wonder Woman amefika mwaka huu, nani alimwokoa Donna? Ikabidi atungiwe asili nyingine, ya Titani wa hadithi za Kigiriki, na baadaye nyingine tena. Hakuna aliyekosea kuandika. Ni kwamba mhusika mmoja alirudishwa mwanzo wakati anayemtegemea ameachwa katikati. Ukisoma na ukaona asili ya mtu inabadilika bila sababu, tafuta nani aliye karibu naye aliyeanzishwa upya. Karibu kila mara jibu liko hapo.

Mwaka 2011 yalijirudia yale yale kwa kiwango kikubwa zaidi. Hadithi ya Flashpoint, matoleo 5, iliisha kwa historia kubadilika, na Septemba mwaka huo DC wakawa na mifululizo 52, yote ikianzia namba 1. Wasomaji wanaziita zama hizo New 52. Superman akawa kijana tena, na ndoa yake na Lois ikafutika. Lakini Batman na Green Lantern walikuwa wakiuza vizuri, kwa hiyo historia yao ikabaki karibu yote. Matokeo yake mashujaa walisemekana wameonekana hadharani kwa takriban miaka mitano tu, huku Batman akiwa ameshapitisha wasaidizi vijana kadhaa wenye jina la Robin ndani ya muda huo. Piga hesabu mwenyewe uone kila kijana alipata miezi mingapi.

Mwaka 2016 wakarudi nyuma nusu, kwa jina la Rebirth, na hapa namba zenyewe zinakuonyesha walichokuwa wanafanya. Action Comics, mfululizo mwingine wa Superman, ilikuwa imefika namba 904 kabla ya kuanza upya mwaka 2011. Ikatoa matoleo 52 ya New 52. Chukua 904, ongeza 52, unapata 956, na kweli toleo lililofuata mwaka 2016 liliandikwa 957. Detective Comics ya Batman ilifanya vivyo hivyo: 881 na 52 ni 933, ikaendelea na 934. Kwa hiyo ukikuta Action Comics namba 30, usidhani lazima iwe ya miaka ya 1940. Inaweza kuwa ya 2014.

Tuchukue sasa mtu anayetaka kumsoma Superman, na ameamua kuanza na 2016. Uchaguzi wake ni mzuri, ila kuna jambo moja litamkwaza asipoambiwa mapema. Toleo la kufungulia, Superman: Rebirth namba 1, linamwonyesha Superman akienda kwenye kaburi la Superman. Wako wawili. Yule kijana wa 2011 amekufa mwaka huo wa 2016. Anayesimama kaburini ni wa zamani, yule wa kabla ya 2011, aliyevuka na mkewe Lois na mwanawe Jon na kuishi kwa kujificha kwenye dunia hii. Hayo ndiyo anayohitaji kujua, basi. Anaendelea na Superman ya 2016 kuanzia namba 1, anasoma taratibu kuhusu familia inayoishi shambani, hadi afike namba 18 na 19. Hapo hadithi inaingiliana na Action Comics 975 na 976, na historia za wale Superman wawili zinaunganishwa kuwa ya mtu mmoja. Mpangilio ni 18, 975, 19, 976. Akiruka zile za Action atapata nusu tu ya kila tukio, na hili ndilo kosa linalofanyika zaidi kwenye mfululizo huu.

Dalili ya muingiliano wa namna hiyo huwa jalada lenyewe: kuna maneno ya sehemu ya ngapi, kwa mfano "Part 2", pamoja na jina la hadithi ambalo hujalikuta kwenye toleo lililotangulia. Ukiona hivyo, simama utafute sehemu ya kwanza iko kwenye mfululizo upi.

Ukinunua juzuu, yaani kitabu kilichokusanya matoleo 5 hadi 7, usiamini mwaka wa uchapaji. Juzuu iliyochapwa 2020 inaweza kubeba hadithi za 1986. Fungua ukurasa wa maandishi madogo kabisa, ambao huwa mwanzoni au mwishoni, utafute mstari unaoanza "Originally published in single magazine form in". Mbele yake kuna jina la mfululizo na namba, na karibu yake miaka ya haki miliki. Mwaka wa zamani zaidi hapo ndio wa kushika. Ukiwa chini ya 1986, uko kwenye dunia nyingi za kwanza. Ukiwa kati ya 1986 na katikati ya 2011, uko kwenye historia moja ndefu ya pili, yenye marekebisho ya hapa na pale. Ukiwa kati ya Septemba 2011 na 2016, uko kwenye New 52. Ya kuanzia 2016 kuja juu, hesabu kwamba karibu kila kilichowahi kutokea kinaweza kukumbukwa tena, na malimwengu yamerudi kuwa mengi.

Kuna vitabu visivyo kwenye hesabu hii kabisa. Alama ya Elseworlds au Black Label kwenye jalada mara nyingi ina maana hadithi inasimama peke yake, huhitaji chochote kabla wala baada yake. Na kuna mfululizo wa Absolute ulioanza Oktoba 2024, ambao una dunia yake mwenyewe. Absolute Batman namba 1 inamwonyesha Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, asiye na utajiri, baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake yuko hai. Hakuna historia ya nyuma ya kuitafuta, kwa sababu ilianzia pale pale. Mtu asiyetaka hesabu za miaka kabisa aanze na huo, matoleo 6 ya kwanza, kisha akipenda ndipo arudi kwa yule tajiri.