Andika kadirio kabla ya kushika kalkuleta

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniletea daftari lenye swali la tangi la maji. Tangi ni la duara, kipenyo chake mita 1.9, kimo chake mita 2.1. Linaingia maji lita ngapi? Alikuwa ameandika lita 23,800, na kalkuleta yake ilikuwa bado inaonyesha 23.8. Kanuni aliijua na vitufe alivibonyeza sawasawa, ila alisahau kugawa kipenyo kwa mbili ili apate nusukipenyo.

Sikumwambia amekosea wapi. Nilimwomba afunike kalkuleta kwa kiganja, kisha atafute jibu la karibukaribu kwa kichwa. Pai ni kama 3. Nusukipenyo ni nusu ya 1.9, yaani 0.95, ambayo tunaweza kuiita 1. Kimo ni kama 2. Kwa hiyo 3 mara 1 mara 1 mara 2, jibu ni 6. Mita 6 za ujazo ni lita 6,000. Alinyamaza kidogo, akaangalia 23,800, akachukua kifutio mwenyewe.

Wewe unayeanza sekondari na umepewa kalkuleta kwa mara ya kwanza, shika tabia hii moja: kadirio liandikwe kwanza, kwa penseli, pembeni ya swali, kabla hujabonyeza kitufe chochote. Mpangilio huo una sababu. Ukishaona namba kwenye kioo, akili huanza kuitetea. Nimeona wanafunzi wengi wakikadiria baada ya kupata jibu, na kila mara kadirio lao linaangukia palepale kalkuleta iliposema, hata kama kalkuleta ililishwa namba mbovu.

Jinsi ya kukadiria ni rahisi: kila namba ibadilishe iwe jirani yake nyepesi, yenye tarakimu moja tu isiyo sifuri. 478 iwe 500, 0.062 iwe 0.06, 3.14 iwe 3. Angalia sana namba zinazoanza na 1. Ukiifanya 1.4 kuwa 1, umetupa zaidi ya robo ya namba nzima, wakati ukiifanya 8.4 kuwa 8 hujapoteza hata sehemu moja ya ishirini. Ndiyo maana 1.5 mara 1.5 ukiikadiria kwa 2 mara 2 unapata 4, na jibu halisi ni 2.25. Namba ikianza na 1, iachie tarakimu mbili, au itazame kama moja na nusu.

Kwenye kugawanya usifuate kanuni ya tarakimu moja kama mtumwa. Tafuta namba zinazogawanyika vizuri. 478 gawanya kwa 6.3: mimi naona 480 gawanya kwa 6, nayo ni 80. Halafu najiuliza, kadirio langu limezidi au limepungua? Nimeongeza kinachogawanywa na nimepunguza kigawanyo, na yote mawili yanalikuza jibu. Basi jibu la kweli lazima liwe chini ya 80 kidogo. Kalkuleta inatoa 75.87, naridhika. Ingetoa 83, ningeanza upya, ingawa 83 iko karibu na 80 kuliko 75.87.

Turudi kwenye tangi, maana pale kuna jambo linalofaa kulielewa. Jibu sahihi ni 3.14 × 0.95 × 0.95 × 2.1, yaani mita za ujazo 5.951, kama lita 5,951. Kadirio letu lilikuwa 6,000. Limekaribiaje hivyo? Tuliipandisha 0.95 kwa karibu asilimia 5, na kwa kuwa imezidishwa mara mbili, jibu lilipanda kwa karibu asilimia 10. Tukaishusha pai kwa karibu asilimia 5, na kimo vilevile. Tulichopandisha na tulichoshusha vikafutana. Zingepanda zote, kadirio lingekuwa mbali zaidi, lakini ungejua liko mbali upande gani.

Ukiona jibu na kadirio haviendani, usikimbilie kubonyeza upya. Kwanza uliza jibu limezidi kadirio mara ngapi, kwa sababu kila kosa lina alama yake. 23.8 ni mara nne ya 6, na mara nne kwenye duara karibu kila siku inamaanisha umetumia kipenyo badala ya nusukipenyo. Kioo kingeonyesha 59,510 badala ya 5.951, ona kwamba tarakimu ni zilezile 5951, nukta tu ndiyo imehama hatua nne: umeingiza sentimita 95 na mita 2.1 katika hesabu moja. Ungepata 595.1, nukta imehama hatua mbili, yaani uliandika 9.5 mahali pa 0.95, na kosa la mara kumi limejizidisha lenyewe.

Msaada mwingine ni kuwa na vipimo kichwani. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ndoo kubwa ya kawaida ni lita 20. Tangi jeusi la plastiki lililoandikwa lita 5,000 limepita kidogo kichwa cha mtu mzima. Tangi la swali letu lina kimo cha namna hiyohiyo, kwa hiyo lita 23,800, ambazo ni ndoo 1,190, haziwezi kuingia humo.

Kuna wakati jibu sahihi ndilo linalotisha. Lita 18 za mafuta ya kula zikijazwa kwenye chupa za lita 0.75, kalkuleta inasema chupa 24. Wengine hulikataa jibu hilo kwa kuwa wamezoea kwamba kugawanya hupunguza. Fikiria chupa zingekuwa za lita moja: zingekuwa 18. Hizi ni ndogo zaidi, basi lazima ziwe nyingi zaidi. Ukigawanya kwa namba iliyo chini ya 1, jibu hukua. Ukizidisha kwa namba ya namna hiyo, jibu hupungua.

Kalkuleta nazo hazifanani. Ingiza 2 + 3 × 4 kwenye ile ya dukani, utapata 20, kwa sababu inafanya kila tendo linapofika. Ile ya kisayansi inatoa 14, kwa kuwa inatanguliza kuzidisha. Sasa tafuta wastani wa alama 62, 71, 58, 80 na 74. Ukibonyeza 62 + 71 + 58 + 80 + 74 ÷ 5 bila mabano kwenye ya kisayansi, inakupa 285.8, maana imegawa 74 peke yake. Hapa hata hukadirii: wastani hauwezi kutoka nje ya 58 na 80. Ukiweka mabano unapata 69.

Makadirio hayakamati kila kosa. Kama kwenye tangi ungebonyeza 2.2 badala ya 2.1, ungepata 6.234, na 6 ya pembeni isingelalamika. Kosa dogo namna hiyo hukamatwa kwa kurudi nyuma. Chukua jibu, ligawe kwa namba za swali, ukizisoma upya kwenye karatasi: gawanya kwa 2.1, kisha kwa 0.95, kisha kwa 0.95 tena. Lazima ibaki 3.14. Ukianza na 6.234 itabaki 3.289, na hapo utajua kuna namba uliyoingiza vibaya.