Hakimu aliniuliza nani alimpikia uji

Mwanangu na mkewe walipoachana, mjukuu wangu alikuwa na miaka saba na nusu. Mama yake alihamia naye Pongwe, nami nikabaki hapa Makorora na sahani yake ya bati kabatini. Miezi minne sikumwona. Nikipiga simu haipokelewi, nikienda naambiwa mtoto amelala, na siku hiyo ilikuwa saa tano asubuhi.

Nayaandika haya kwa mabibi na mababu wenzangu wa Tanzania, kwa sababu nilipofika Mahakama ya Watoto nilikuta kwamba karibu kila nilichojiandaa kukisema hakikuwa na uzito, na nilichokidharau ndicho kilichonibeba.

Nilikwenda na hoja ya ukoo. Mtoto ni wa kwetu, ana jina la marehemu mume wangu, mila zetu zinajulikana. Afisa ustawi wa jamii, binti mdogo tu kwa umri wa mwanangu wa mwisho, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Mama, huyu mtoto ulikuwa unamlea au ulikuwa unamtembelea?" Nikaona kama dharau. Kumbe swali lile ndilo mlango wenyewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimfungi bibi nje. Babu na bibi wanahesabiwa humo kuwa ndugu wa mtoto. Lakini kifungu cha 38, kinachohusu kuomba kumwona mtoto kwa vipindi, kinamtaja mzazi, mlezi, au ndugu ambaye alikuwa akimlea mtoto kabla ya amri ya malezi. Tafadhali lisome tena hilo neno "akimlea". Bibi aliyekuwa akipeleka kanga na biskuti kila Idi ana mapenzi, ila mapenzi yake hayampi mguu wa kusimamia. Kama hujawahi kumlea, na mwanao yupo na anajiweza, nakushauri yeye ndiye aombe siku zake kama mzazi, nawe umwone mjukuu katika siku hizo. Wangu mimi alikuwa machimboni Geita, simu yake inapatikana mara moja kwa wiki tatu, kwa hiyo ilinibidi nisimame mwenyewe.

Bahati yangu, nilikuwa nimelea. Mkamwana wangu alikuwa akifanya kazi ya zamu, na tangu mtoto ana miaka miwili alikuwa akiniletea alfajiri akiwa bado amelala, amezungushiwa kitenge. Nililichukulia hilo kama jambo la kawaida la kifamilia, sikudhani lina ushahidi. Tulipoanza kutafuta ndipo nikaona. Kadi yake ya kliniki ilikuwa kwangu. Daftari la shule ya awali lina sahihi yangu mahali pa mzazi, tena sahihi ya kutetemeka. Mwalimu wake alikubali kueleza nani alikuwa akija kumchukua mchana. Jirani yangu muuza vitumbua alikuwa akituona kila asubuhi. Kusanyeni vitu hivyo mapema, kabla ya kugombana, kwa sababu mkishagombana kadi ya kliniki inageuka mali ya upande mmoja.

Kikao chenyewe si kama mnavyoona kwenye tamthilia. Ni faragha, chumba kidogo, hakuna watazamaji, na afisa ustawi yupo. Hakimu alianza na mambo ya nyumbani: mama akiwa zamu, mtoto alikula nini asubuhi? Nikajibu uji wa ulezi, bila maziwa kwa sababu yakimgusa anaumwa tumbo. Akiumwa usiku nani alimpeleka zahanati? Anaogopa nini? Nikasema anaogopa radi, huwa anaingia chini ya kitanda na mto wake. Nilimwona mama yake akiinamisha kichwa. Alijua nasema kweli.

Baadaye nilieleweshwa kwa nini. Kifungu cha 39 kinaitaka mahakama itangulize maslahi ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, kisha itazame umri na jinsia yake, kwamba ni bora akae na wazazi wake isipokuwa pale wanapomvunjia haki zake mfululizo, maoni yake mwenyewe, kutotenganishwa na ndugu zake, na kuendelea kwa malezi aliyoyazoea. Hilo la mwisho ndilo langu. Hakimu hakuwa akinipima mimi na mkamwana nani bora. Alikuwa akipima ni nini kitakatika kwa mtoto iwapo mimi nitafutika ghafla.

Kwa sababu hiyohiyo, usiombe kumchukua mtoto moja kwa moja kama shida yako ni kumwona. Kaka yangu alinishawishi niombe malezi kamili "ili tukishindwa tupate nusu". Ushauri wa dalali wa viwanja huo. Ukiomba malezi unalazimika kuonyesha kwamba mama hafai, na mkamwana wangu anafaa. Mtoto anakwenda shule, anakula, hapigwi. Ningejitia katika kumchafua mtu ambaye kesho ndiye atakayenifungulia mlango. Kaka huyohuyo alipendekeza pia tumchukue mtoto getini shuleni na kumleta Makorora. Kumwondoa mtoto kwa mtu mwenye malezi yake kisheria ni kosa, na ningeingia mahakamani nikiwa mshitakiwa badala ya mwombaji.

Sasa nifike pale nilipoaibika. Maoni ya mtoto yanapimwa pale tu yanapokuwa ya kwake, hayakupandikizwa na mtu. Afisa ustawi alikwenda Pongwe, akaja na kwangu, akazungumza na mtoto peke yake. Katika ripoti yake, iliyosomwa mbele yetu, mtoto alisema anataka kuja kwa bibi, anapenda kulisha kuku. Kisha akaongeza, "Ila bibi akiongea na simu anamsema mama." Nilitamani sakafu inimeze. Kweli nilikuwa nikisema, na shangazi yake, kwa sauti ya chini nikidhani mtoto anacheza na kuku.

Sentensi ile nusura inigharimu yote. Wakili wa mama aliishika: mtoto akienda kule atarudi na chuki. Sikubisha. Nilisema ni kweli, nikamwomba radhi mkamwana pale pale, naye hakunijibu kitu.

Niliomba kila wikiendi na likizo zote. Nilipewa Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, pamoja na wiki moja ya likizo ya Juni na wiki moja ya Desemba. Namchukua na kumrudisha mimi, nauli ni yangu. Na sharti: nisiseme lolote baya juu ya mama yake mbele ya mtoto. Mwanzoni niliona nimepunjwa, lakini ombi la kila wikiendi lingemnyima mama siku zake za mapumziko na mwanawe, na hakimu aliliona hilo kabla yangu.

Nina daftari ninaloandika tarehe, saa niliyomchukua, saa niliyomrudisha. Mara mbili sikumkuta. Sikupiga kelele getini. Niliandika, nikamjulisha afisa ustawi, na kama ingetokea ya tatu ningerudi mahakamani na daftari hilo. Haikutokea. Jumamosi iliyopita mkamwana alimleta mwenyewe hadi kituo cha daladala, akanikabidhi na dawa ya kikohozi, akanionyesha kwa kidole mstari wa kipimo kwenye kijiko. "Mama, mpe saa nane," akasema, akageuka kuwahi zamu.