Position Closed haimaanishi umekataliwa

"Jamani, juzi ombi langu la kazi lilikuwa Under Review, leo nakuta Position Closed. Ndio nimeshakosa?"

Hapana ndugu, usikate tamaa bado. Angalia kwanza hayo maneno umeyasoma wapi. Mifumo mingi ina hali mbili tofauti: ya tangazo na ya ombi lako. Tuseme mwisho wa kutuma maombi ulikuwa tarehe 14 saa sita usiku. Tarehe 15 tangazo linageuka kuwa Position Closed, maana yake hawapokei maombi mapya, na ndipo uchambuzi unaanza. Fungua My Applications. Ikiwa pale bado ni Under Review, ombi lako bado lipo. Likisomeka Closed hata hapo, mara nyingi nafasi imejazwa au imefutwa.

Under Review nayo usiitegemee sana. Mifumo mingine huiweka yenyewe mara tu unapotuma, kabla mtu hajafungua hata CV yako.

Shortlisted ndiyo ya kukimbilia. Umepita mchujo, lakini kazi bado hujapata, kuna usaili. Kwa walioomba kupitia Ajira Portal ya Tanzania, soma tangazo la kuitwa kwenye usaili lote, kisha ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya usaili. Angalia pia barua pepe, hasa folda ya Spam, maana ujumbe wa tarehe na mahali unaweza kuangukia huko. Nenda na vyeti halisi na kitambulisho.